Blanketi la paa la godauni: vitambi, maji, na fundi asiyetaka kuulizwa

Wakuu, nilitaka kuandika neno moja tu: msinunue. Godauni letu lipo Nyakato hapa Mwanza, tunaweka mchele. Mwaka juzi tulifungiwa blanketi la sufi ya kioo chini ya papi za chuma, foili ikitazama chini. Leo ukiinua macho, paa zima lina vitambi. Kimoja kilikuwa juu kabisa ya magunia, na ukikisukuma kwa ufito kinacheza kama kiriba. Tulikitoboa kwa ncha ya kisu pale chini kabisa, yakachuruzika maji ya rangi ya chai mpaka ndoo ikafika nusu. Na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa!

Fundi alipopigiwa simu akasema, "Bosi, hilo ni blanketi, lazima lilegee," akakata. Hapo ndipo damu ilipochemka, kwa sababu si kweli hata kidogo.

Blanketi halijibebi lenyewe. Linabebwa na wavu wa waya uliofungwa kwenye papi, na kazi yote iko kwenye kuuvuta. Papi zetu zimeachana mita 1.5. Wavu ukibaki na ulegevu wa sentimita 1 tu kati ya papi mbili, unashuka karibu sentimita 7.5 pale katikati. Sentimita moja! Mkono wa mtu aliye juu ya ngazi hauwezi kuiona wala kuimaliza. Ndiyo maana wavu hufungwa upande mmoja kwanza, ukavutwa kwa kikaza waya upande wa pili, kisha ndipo skrubu na washa zinapigwa kwenye kila papi. Wetu ulivutwa kwa mikono, na sehemu nyingine waliruka papi moja ili wamalize haraka. Hapo nafasi inakuwa mita 3, na kwa ulegevu wa uwiano uleule, yaani sentimita 2, kitambi kinafika sentimita 15. Juu ya hayo walitumia waya wa kuku. Matundu yake ya pembe sita yanajinyoosha taratibu yakibeba mzigo, hivyo hata ukiukaza leo, baadaye utashuka. Unaotakiwa ni wavu wa kuchomelewa wenye zinki.

Maji nayo? Kwanza nilishuku bati linavuja. Lakini tundu la skrubu likivuja, utaona alama sehemu moja, tena baada ya mvua. Haya yalikuja asubuhi za kiangazi, yakifuata mstari wa maungio ya foili. Usiku bati linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya huku ziwani ina unyevu, ikipenya kwenye maungio yaliyoachia inafika kwenye bati na kugeuka matone. Matone yanadondokea kwenye sufi, foili inayazuia kushuka, basi yanakaa hapo. Sufi yetu ya mm 50 ikiwa kavu ina uzito wa takriban gramu 600 kwa mita ya mraba. Lita moja tu ya maji inaongeza kilo nzima. Kitambi kinashuka zaidi, kinavuta maungio, maungio yanafunguka, hewa inaingia zaidi.

Kwenye maungio yetu nilikuta pini za stepla na vipande vya tepu vinavyoning'inia, upande wa gundi ukiwa umejaa vumbi la pumba. Masikio mawili ya foili yalipaswa kukunjwa pamoja, yabanwe kwa pini, kisha yafunikwe kwa tepu ya alumini mwanzo hadi mwisho. Kabla ya hapo foili inafutwa vumbi na kukaushwa. Halafu tepu inasuguliwa kwa kipande cha plastiki kigumu mpaka nyuzi za foili zionekane kupitia tepu. Kama huzioni, haijashika.

Sasa niseme ukweli ingawa nina hasira: pale ofisini kwa mpokea mizigo, ambako wavu ulikazwa vizuri kwa sababu tulikuwa tumesimama tunaangalia, blanketi limenyooka kama meza. Mchana hakuna lile joto la bati linalokuchoma utosini, na mvua ikipiga mnasikilizana. Kwa hiyo bidhaa yenyewe siilaumu tena, nafuta ile "msinunue".

Ila huyu fundi simpi kazi nyingine. Alipokuja kurekebisha alileta mbao za kusukumia vitambi juu, na sufi ikiwa imeloa ndani! Sufi iliyolowa ikashikamana hairudishi unene wake. Inakatwa, inatolewa, inawekwa mpya, na wavu wa sehemu ile unafunguliwa na kukazwa upya. Nikamwambia ashushe mbao zake. Akaniuliza mimi nilisomea wapi ujenzi.