Nilivyopanga matairi sita ya mtumba kwa picha kabla ya kwenda dukani

Nilikuwa natafuta matairi mawili ya nyuma ya Toyota Allion, saizi 195/65R15. Muuzaji mmoja wa matairi ya mtumba pale Ilala aliniambia anayo sita, yote ya kampuni moja na kashata za mchoro mmoja. Akanitumia picha kwenye simu, kila tairi limeandikwa namba kwa chaki. "Kaka, namba nne ndiyo kali kuliko zote," akasema. Na kwenye picha lilionekana hivyo kweli: mifereji mieusi, mirefu kwenda chini.

Zile picha za kwanza hazikufaa kulinganisha. Mengine yalipigwa juani, mengine ndani ya stoo, mawili yamepakwa dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo hutia weusi mferejini, na mfereji mweusi jicho linaudhania kuwa na kina. Nikamwomba apige upya: afute tairi likauke, simu iwe juu kabisa ya kashata na isiinamishwe, umbali uwe shibiri mbili kwa matairi yote, na mwenzake amulike tochi kutoka pembeni. Apige pale ambapo ubavuni pana pembetatu ndogo au herufi TWI. Alikubali bila kununa, na kwa hilo namshukuru sana.

Pembetatu ile inaelekeza kwenye kidaraja cha mpira kilicho chini ya mfereji mkuu. Kimo chake ni milimita 1.6, kashata zikilingana nacho, tairi limekwisha. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Kwa hiyo kwenye picha nilitazama kidaraja kimezama kiasi gani chini ya uso wa tairi. Kwenye namba mbili kilikuwa mbali gizani, kwenye namba tano kilikuwa karibu kabisa na juu.

Kitu cha pili ni upana wa mfereji. Kuta zake zimelala kidogo, juu pana na chini pembamba, hivyo kadiri tairi linavyolika mfereji unaonekana kupungua upana. Niliweka rula juu ya skrini, nikakuza kila picha mpaka tairi lote likawa na upana uleule, kisha nikapima mfereji wa kati. Hili linawezekana kwa sababu mchoro ni mmoja. Matairi ya michoro tofauti hayalinganishwi hivi, kwa kuwa kila mchoro una mifereji yake tangu kiwandani.

Namba nne ndipo iliponishtua. Mifereji ilikuwa ya kina kuliko yote, lakini ile mikato myembamba kama ya wembe iliyo juu ya kashata ilikuwa imefutika. Mikato hiyo ni mifupi kwenda chini kuliko mifereji, kwa hiyo huwahi kuisha. Haiwezekani iishe halafu mfereji ubaki kama mpya. Nikatafuta kidaraja pale pembetatu inapoelekeza: hakipo. Tairi lilikuwa limechongwa upya kwa kisu, na aliyelichonga alikata hadi kidaraja. Hapo mpira unaobaki juu ya nyaya ni mwembamba mno, na matairi ya magari madogo hayakutengenezwa kuchongwa. Nikaliondoa kabisa.

Mpangilio wangu kwa picha ukawa 2, 6, 1, 3, 5. Nikaenda na kipimo cha kina. Namba 2 ilisoma milimita 6.1, namba 1 ikasoma 5.2, namba 6 ikasoma 5.0, namba 3 ikasoma 4.1 katikati, na namba 5 ikasoma 2.6. Nilikuwa nimegeuza 6 na 1 tu. Tofauti ndogo kiasi hicho picha haiionyeshi. Kosa langu kubwa lilikuwa namba 3. Ukingo wake mmoja ulisoma 2.3, kwa kuwa gari lilikotoka lilikuwa na alaimenti mbovu. Tochi ilimulika kutoka upande mwingine, ukingo ule ukabaki kivulini, nami nikapima mfereji wa kati peke yake. Siku nyingine nitaomba picha mbili, tochi ikimulika kutoka kila upande.

Namba 2 sikulichukua. Tarakimu nne za mwisho ubavuni zilisomeka 1214, yaani wiki ya 12 ya mwaka 2014, na chini ya mifereji palikuwa na nyufa nyembamba ambazo picha ya juu haikuzinasa. Nilichukua 1 na 6, yote ya mwaka 2021. Yamepishana milimita 0.2 tu, na ndiyo nilitaka kwa ekseli moja. Yamefungwa nyuma, na gari halivuti upande.