TAHADHARI: Mashine ya tonikei "iliyokarabatiwa" inayouzwa kwenye magrupu ya watu wa tiata

Ndugu zangu wa tiata, hasa mlio kwenye vituo vidogo kama chetu huku West Nile, Uganda, soma hii kabla hujatuma hela. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na mashine za tonikei za mitumba, kile kifaa cha kujaza hewa kwenye mkanda ili damu isiingie mkononi au mguuni wakati wa upasuaji. Anasema zimetoka Ulaya, zimekarabatiwa na zimepimwa. Anataka nusu ya hela kwa simu, nusu mzigo ukifika kwa basi. Sisi tulitoa Sh 2,600,000. Jina sitaji, ila maelezo yatakutosha kumjua.

Mashine ilifika safi, imepakwa rangi upya, ina stika ya kijani inayosema imepimwa, na tarehe. Namba ya mashine haikuandikwa kwenye stika, wala hakukuwa na cheti. Sindano ya geji ilikaa kwenye sifuri kabisa. Tukaridhika. Mimi ndiye mtu wa ganzi hapa, na mimi ndiye niliyesaini kuipokea, kwa hiyo hili namlaumu muuzaji lakini najilaumu pia.

Mgonjwa wa tatu alikuwa kijana fundi cherehani aliyeanguka na boda, akavunja mifupa yote miwili ya kigasha. Presha yake ya juu ilikuwa 118. Nikamchoma ganzi ya kwapani, tukafunga mkanda sehemu ya juu ya mkono, juu ya kiwiko, kwa pamba ya kutosha, tukajaza hadi geji ikasoma 250, kama wengi tunavyozoea kwa mkono. Sista alisema kitu ambacho sote tulikipuuza: "Huu mkanda mbona umekuwa mgumu na sindano bado haijatoka sifuri?" Daktari akaweka vyuma, mkanda ukafunguliwa baada ya saa 1 na dakika 20. Muda ulikuwa mzuri. Mipaka mnaijua: saa 2 ndiyo mwisho, na ukilazimika kuendelea unafungua kwanza, unaiacha damu irudi dakika 10 hadi 15.

Kesho yake ganzi ilikuwa imeisha, maumivu yamerudi, lakini kiganja kinaning'inia. Hawezi kukiinua, hawezi kunyoosha vidole.

Lawama ya kwanza ilimwendea daktari, kwamba amekata neva inayoinua kiganja na kunyoosha vidole, karibu na kiwiko, pale tawi lake linapozunguka shingo ya mfupa wa kigasha wa upande wa gumba. Ni jambo linalotokea, na familia ilikuwa imeshaanza kulisema kwa sauti. Ila mkono wenyewe ulikataa hadithi hiyo. Tawi lile likiumia, vidole havinyooki lakini kiganja bado kinainuka kwa kupinda upande wa kidole gumba, na ngozi ya nyuma ya kiganja inahisi kawaida. Kijana wetu hakuwa na hata hicho. Alipokunja kiwiko huku gumba likitazama juu, ule msuli wa pembeni ya kigasha unaopaswa kujitokeza haukujitokeza. Huo hupata neva yake juu ya kiwiko, mbali na kidonda. Hata tulipomshikilia kiganja kikiwa kimeinuliwa, nguvu ya kushika kwa vidole ilikuwa imepungua, kazi ya neva nyingine kabisa. Ila kunyoosha kiwiko aliweza, maana matawi ya msuli ule hutoka juu zaidi. Ukichora mahali ambapo yote haya yanakutana, unafika pale pale mkanda ulipofungwa.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Misuli huumizwa zaidi na muda, kwa sababu inakosa damu. Neva huumizwa zaidi na mgandamizo wenyewe, hasa kwenye kingo za mkanda, pale sehemu iliyobanwa inapokutana na isiyobanwa. Mnamo 1972 Ochoa, Fowler na Gilliatt walionyesha kwa nyani kwamba nyuzi nene za neva husukumwa kutoka chini ya mkanda kuelekea nje, ala yake ya mafuta ikajikunja na kuingia ndani yenyewe. Ndiyo maana dakika 80 zinaweza kuharibu neva ikiwa shinikizo limepita kiasi, na ndiyo maana kupooza huwa kubaya kuliko ganzi ya ngozi.

Tukaipima mashine. Fundi wetu wa vifaa aliweka kiunganishi cha Y kwenye bomba la mkanda, upande mmoja geji ya mashine, upande wa pili kipimo cha presha cha zebaki. Zebaki ilipanda hadi 110 sindano ikiwa bado imelala kwenye sifuri. Geji iliposoma 90, zebaki ilisema 200. Iliposoma 190, zebaki ilikuwa 300, tukasimama kwa sababu kipimo kinaishia hapo. Tofauti ilikuwa 110 kila mahali. Maana yake ile 250 ya kijana ilikuwa kama 360.

Tulipofungua geji siri ikaonekana. Sindano iliwahi kung'olewa ikarudishwa mahali pasipo pake, na kijiti kidogo cha kuizuia kwenye sifuri kinaficha kosa hilo. Bila kijiti ingelala chini kabisa ya sifuri na kila mtu angeiona. Kwa hiyo sindano kukaa kwenye sifuri haithibitishi chochote.

Kama huna zebaki, kuna kipimo kingine ambacho kingetuokoa. Funga mkanda kwenye mkono wako mwenyewe, weka kipima oksijeni kidoleni, jaza hewa polepole utazame wimbi. Wimbi likipotea, hilo ndilo shinikizo linalokata damu, nalo hutarajiwa kuwa karibu na presha yako ya juu au kupita kidogo. Fundi wetu ana presha 126. Kwenye mashine hii wimbi lake lilipotea geji ikisoma 25! Achia hewa mara moja baada ya kusoma.

Njia hiyo hiyo ndiyo bora hata kwa mgonjwa, kuliko kuweka 250 kwa kila mkono na 300 kwa kila mguu. Kwa mtu mzima, shinikizo linalokata damu likiwa chini ya 130 unaongeza 40, likiwa 131 hadi 190 unaongeza 60, likizidi hapo unaongeza 80. Kijana mwenye 118 angetosheka na chini ya 200. Na mkanda mpana hukata damu kwa shinikizo dogo kuliko mwembamba, kwa hiyo usikubali muuzaji akupe wa mtoto akisema "utabana tu."

Mkono wa kijana tuliushikilia kwa gango kiganja kikiwa juu. Wiki ya sita ule msuli wa pembeni ulianza kucheza, mwezi wa tatu kiganja kikainuka, vidole vikafuata mwezi wa tano. Miezi yote hiyo cherehani ilikaa imefunikwa.

Muuzaji alituambia tumeiharibu wenyewe, kisha akakubali kurudisha hela tukirudisha mashine. Tukaituma kwa basi. Hela haikuja, na simu yetu haipokei. Mkitaka cheti, kiwe na namba ya mashine na matokeo ya kila shinikizo lililopimwa; shirika la viwango la UNBS kule Bweyogerere wana maabara ya vipimo, wapigieni muulize.

Juzi nimeiona imetangazwa tena kwenye grupu jingine, stika ya kijani ina tarehe mpya. Mguu mmoja wa stendi umezungushiwa plasta nyeupe. Hiyo plasta niliifunga mimi.