Gazeti au hukumu: mwajiri wa Tabora umpime kwa kipi?

Mpwa wangu alipoitwa kazini na kampuni moja ya ulinzi hapa Tabora, kwanza tulitafuta habari. Tukapata moja: walinzi wamegoma wakidai mishahara ya miezi miwili, meneja akaahidi kulipa. Basi. Kama walilipwa, mwandishi hakurudi kuuliza.

Kumbukumbu za mashauri huchelewa, ila hueleza kisa hadi mwisho. Mgogoro huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa CMA, huomba marejeo Mahakama Kuu, na hukumu nyingi za huko husomwa bure kwenye tanzlii.org. Tuliandika jina la kampuni pamoja na `Labour Revision`, hatukupata kitu. Kumbe jina la kwenye kibao cha getini silo lililosajiliwa. Hilo tulilikuta kwenye mkataba. Safari hii zikatoka hukumu tatu. Moja kampuni ilishinda kwa sababu mfanyakazi alichelewa: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu kufika CMA. Mbili zilizobaki zilifanana mno: mlinzi kafukuzwa kwa tuhuma za wizi bila kikao cha nidhamu. Mimi huangalia mfanano huo kuliko idadi, maana kampuni kubwa haikosi kesi.

Hata hivyo, mashauri yanayoisha kwa maridhiano CMA hayaonekani humo, na mlinzi asiye na nauli ya kufuatilia huenda asifungue kabisa. Kwa mishahara inayocheleweshwa, gazeti linashinda. Kwa namna watu wanavyofukuzwa, nasoma hukumu.