Kwenye Skrabo, ili ujue herufi za mpinzani: kukata kwenye orodha herufi zilizochezwa kila zamu, au kuhesabu mfuko wa vigae ukiisha?

Skrabo ya Kiingereza ina vigae 100. Mfuko ukiisha, toa vya ubaoni na vyako. Vilivyobaki ni vya mpinzani.

Jumapili, Sinza, nilisubiri mwisho ndipo nihesabu, saa inakimbia. Nikapata herufi 8, jamaa ana 7. Basi kuna moja nimeiruka ubaoni. Kurudia, kumbe E; ziko 12, hurukwa kirahisi. Zikabaki Q, I, I, T, R, N, O. U zote zilishatoka, na Q ilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa, kwa neno QI. Nikapaziba.

Kukata kila zamu kungeniokolea dakika hizo, nami naona ni bora. Ila kigae kitupu kikichezwa kama S, kata kitupu, usikate S.