Nilipeleka kadi yangu ya biashara ikaguliwe kabla ya kuchapisha tena

Mimi ni fundi wa eisi na friji, na kazi zangu nyingi ziko hapa Mombasa: Nyali, Bamburi na huku Kizingo. Mwaka jana nilichapisha kadi 500. Nusu nimezigawa, nusu bado ziko kwenye droo, na hizo nilizogawa hazikunisaidia kitu. Mteja ana kadi yangu nyumbani, lakini eisi ikianza kumwaga maji anamtuma mlinzi wa geti aniulizie namba. Mpwa wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, akaniambia wazi: ami, hii kadi haisomeki.

Ndiyo nikaenda kwa dada mmoja dizaina, ana kichumba chake juu ya duka la kuchapisha, si mbali na Barabara ya Digo. Yeye hachapishi. Unampelekea kadi uliyo nayo, anaikagua mbele yako, anakuchorea nyingine kwa penseli, na ukitaka faili kamili unaongeza pesa. Ukaguzi peke yake nililipa shilingi 800, tukakaa karibu saa nzima. Hafanyi kwa simu wala kwa picha ya wasapu. Lazima aishike kadi mkononi. Mwanzoni niliona ni maringo, baadaye nikaelewa.

Kadi yenyewe ilikuwa hivi: upana milimita 90, kimo 50, nyeusi tii, lamineshoni ya kung'aa pande zote mbili, na fremu ya dhahabu imezunguka ukingoni. Juu katikati nembo na jina la biashara. Chini yake jina langu na cheo, "Mkurugenzi Mtendaji", na kampuni nzima ni mimi na mpwa wangu. Halafu namba tatu za simu, barua pepe, sanduku la posta, orodha ya huduma tisa, na alama za mitandao ambayo sijaingia tangu zamani. Niliipenda sana, kusema kweli.

Hakuanza na rangi wala herufi. Aliniuliza, "Fundi, kadi yako hukaa wapi?"

Nikamjibu, kwenye pochi ya mteja.

"Ya wakili ndiyo hukaa kwenye pochi. Yako hukaa kwenye friji."

Akainuka, akaibandika kwenye kijifriji chake kwa sumaku, akaniambia nirudi nyuma hatua mbili nisome namba. Sikuweza. Sumaku ilikuwa imeketi juu ya nembo na jina, na namba tatu zilionekana kama siafu kwenye mstari. Taa ya dari nayo ilikuwa inamulika kwenye ule mng'aro, kwa hiyo nusu ya kadi ilikuwa doa jeupe tu. Basi nikanyamaza.

Mpangilio wa habari tuliubishania zaidi ya kitu chochote. Akaniambia nifikirie mtu ameamka saa nane za usiku, chumba joto, maji yanadondoka kitandani, mkononi ana kadi nne za mafundi mbalimbali. Kwanza anatafuta ipi ni ya eisi. Pili anatafuta namba. Tatu, simu ikipokewa, anataka jina la kumwita anayezungumza naye. Jina la biashara halimo katika hayo matatu. Hapo moto ukawaka, kwa sababu biashara nimeipa jina la marehemu baba yangu na sikuwa tayari kulishusha. Tukaafikiana hivi: juu "Eisi na friji", chini yake namba moja, chini ya namba jina langu bila cheo, na jina la biashara likae mwisho peke yake, lina nafasi yake, halikusukumwa pembeni. Huduma tisa zikawa tatu: kufunga, kujaza gesi, sevisi. Anayejua kujaza gesi, anasema, mteja haulizi kama anajua kusafisha filta.

Barua pepe alitaka kuifuta. Hapo nilikataa na nadhani nilikuwa na haki, kwa sababu mameneja wa majumba ya kupangisha hawakupi kazi bila makadirio ya maandishi. Akakubali, ikahamia nyuma ya kadi. Namba nayo aliipanga tarakimu nne, tatu, tatu, zikiachana kidogo. Kwenye kadi ya zamani nilikuwa nimeandika +254 kisha sifuri ya mbele nikaiacha palepale, na anayepiga kutoka ng'ambo akibonyeza vile ilivyoandikwa simu haiiti. Ukiweka +254, sifuri inaondoka. Nina wenye nyumba wawili wanaoishi nje ya nchi, kwa hiyo hilo liliniingia haraka.

Kuhusu ukubwa wa herufi, alinionyesha kosa ambalo nadhani sisi sote tunalifanya. Tunaangalia kadi kwenye kompyuta ikiwa imekuzwa mara tatu, tunaridhika, tunatuma. Yeye alichapisha ile faili yangu kwenye karatasi ya kawaida ya A4, kwenye dirisha la kuchapisha akachagua `Actual size`, akaikata kwa mkasi na kunipa. Maandishi ya huduma yalikuwa pointi 5 na nusu. Pointi moja ni karibu milimita 0.35, kwa hiyo herufi ndogo kama "a" na "e" zilikuwa na kimo cha milimita moja tu hivi. Wateja wangu wengi wamepita miaka arubaini, na mtu wa umri huo akitaka kusoma kitu huanza kukisogeza mbali. Ukikisogeza mbali, kinazidi kuwa kidogo.

Halafu yale maandishi yalikuwa meupe juu ya weusi. Weusi wangu haukuwa wino mweusi peke yake, ulikuwa mchanganyiko wa rangi nne, na kila rangi huwekwa kwa zamu yake. Moja ikisogea kidogo sana, inaingia ndani ya herufi nyeupe na kuila. Alinipa lenzi nitazame: matundu ya "e" yalikuwa yamezibika, na pembeni mwa herufi kulikuwa na kivuli chekundu. Dawa yake ni maandishi madogo yawe meusi kwa wino mweusi mtupu, juu ya karatasi nyeupe. Kuna faida nyingine niliyoiona mwenyewe: kadi nyeusi ikikaa mfukoni na funguo, kingo zinachubuka na weupe wa ndani unatokeza. Kadi nyeupe haionyeshi.

Kwenye mchoro wake namba ilikuwa pointi 14 nene, inachukua kama sentimita 3 za upana, thuluthi moja ya kadi. "Eisi na friji" pointi 12, jina langu 10, huduma 8 na nusu, na hakuna kilichoshuka chini ya 8. Ila alinionya kwamba pointi si kipimo cha kuamini kwa macho mafumba. Aliandika namba na maneno yaleyale kwa pointi 8, mara moja kwa Garamond na mara moja kwa Verdana, na ya pili ilionekana kubwa kabisa, kwa sababu vitumbo vya herufi zake ndogo vimejengwa virefu. Ukibadilisha fonti, chapisha tena ukate tena.

Nafasi tupu ndiyo iliyoniuma, maana nilihisi nimelipia karatasi nisiyoitumia. Kwanza aliiondoa fremu. Mashine ya kukatia haikati kila rundo palepale. Hata milimita moja inaweza kupotea. Fremu yangu ilikuwa milimita 2 kutoka ukingoni, na tulipopima kadi moja tukakuta upande wa kushoto imebaki milimita 1 na kulia 3. Bila fremu, hakuna jicho ambalo lingeigundua hiyo milimita. Akaacha milimita 6 pande zote bila kitu. Juu akaacha zaidi, milimita 12 tupu kabisa, na nilipouliza ni za nini akaigonga ile sumaku kwa kucha.

Kati ya namba na jina langu aliacha pengo dogo, na kabla ya jina la biashara pengo kubwa zaidi ya mara mbili, ili jicho lijue kipi kinakwenda na kipi. Nyuma, juu ya barua pepe, kuna mistari mitatu mitupu. Hapo ninaandika tarehe ya sevisi na ya kurudi tena.

Sasa karatasi, na hapa ndipo ninapompunguzia alama. Alinipa vipande vitatu na kalamu ya biro. Kwenye lamineshoni ya kung'aa wino ulitambaa na kufutika kwa kidole. Kwenye lamineshoni ya mati, ile isiyong'aa, wino uliandika, lakini jasho likauondoa. Kwenye karatasi tupu ukashika vizuri, ila karatasi hiyo ikaonyesha alama ya mkono wangu wenye mafuta. Ushauri wake ukawa gramu 300, mati mbele tu, nyuma iachwe tupu nipate kuandika. Ilionekana akili. Nikachapisha 200.

Baada ya wiki mbili ndani ya gari, kadi zote zilikuwa zimejikunja kama maganda. Hii ni Mombasa, hewa yenyewe ni maji. Karatasi upande wa nyuma inanyonya unyevu na kutanuka, plastiki ya mbele haitanuki, basi kadi inajikunja kuelekea upande wa plastiki. Ukiibandika kwenye friji, pembe zinainuka. Nilimrudishia rundo zima. Hakubisha; alichukua moja, akaiweka mezani, ikabembea, akacheka na kusema ofisini kwake kuna kiyoyozi, hakufikiria gari langu. Ukaguzi wa pili hakunitoza.

Tuliishia kwenye kadi nzito ya gramu 350, ile ya aina ya maboksi ya dawa, iliyolainishwa kiwandani upande mmoja na mwingine haukulainishwa, bila lamineshoni yoyote. Mbele inachapika safi, nyuma inashika biro. Inachafuka mapema, hilo silifichi, na ikilowa kabisa imekwisha. Lakini nyingi zimebaki zimenyooka.

Mkiwa na kadi inayokaa kwenye pochi tu, mati pande zote mbili huenda ikawafaa zaidi kuliko hii yangu. Na nendeni asubuhi, mchana ngazi ile inajaa watu wa kadi za harusi na hapokei mtu kwa haraka.

Juzi mteja wa Tudor alinitumia picha ya kadi ikiwa kwenye friji lake ili anithibitishie tarehe ya sevisi. Sumaku imekaa pale pale kwenye milimita 12. Picha ya pili ilikuwa ya upande wa nyuma: tarehe yangu kwenye mstari wa kwanza, na kwenye ile miwili iliyobaki mkewe ameandika unga, tui, dania.