Seramu ya laki na nusu, niasinamaidi haijulikani ni kiasi gani

Nina hasira na hii seramu, na nina hasira zaidi na dada aliyeniuzia. Nilinunua duka moja la vipodozi hapa Dar, chupa ya mililita 30 kutoka Ulaya, 150,000. Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba ina niasinamaidi ya kufifisha madoa ya chunusi. Nikauliza, asilimia ngapi? Dada akaniangalia kuanzia viatuni, akasema, "Dada yangu, vitu vizuri vina bei yake. Bajeti ikibana, Kariakoo kupo." Swali langu hakulijibu.

Basi nikasoma orodha ya viambato mwenyewe. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo vinaweza kuwekwa bila mpangilio. Humo kuna fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho sheria ya Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake hakizidi asilimia 1. Niasinamaidi yao iko wapi? Baada ya fenoksiethanoli, jirani na manukato! Na tafiti za madoa zimetumia kati ya asilimia 2 na 5.

Haki yake niseme: ngozi inalainika kweli, na harufu ni nzuri. Nilitaka kuipa nyota tatu. Lakini ulaini huo ni kazi ya gliserini na silikoni, vitu vya bei ndogo, na mimi nililipia madoa. Wiki zikapita, madoa yako palepale.

Sasa hesabu. Tuwape hiyo asilimia 1 yote: mililita 30 zina kama gramu 0.3 za niasinamaidi, yaani gramu moja ni 500,000. Chupa ya 30,000 niliyoiona duka la dawa, ujazo uleule, imeandikwa asilimia 5. Hiyo ni gramu 1.5, kwa hiyo gramu moja ni 20,000. Mara 25! Nyota tatu nimezifuta, ibaki moja.

Msinielewe kwamba cha bei kubwa ni wizi siku zote, wala msikimbilie asilimia 10, maana kwa wengine inawasha bila faida ya ziada. Vitamini C halisi, ile asidi askobiki, ina gharama yake: inataka asilimia 10 hadi 20, tindikali ya pH chini ya 3.5, na chupa inayozuia mwanga na hewa. Ikigeuka rangi ya chai, imeharibika hata kama lebo inasema 20. Hapo naweza kulipia utengenezaji. Niasinamaidi inayeyuka kwenye maji na haiharibiki ovyo, hivyo hawana cha kujitetea.

Wakiandika asilimia kwenye boksi nitarudi kuitazama tena. Kwa duka lile, hata hilo sidhani.