Gome, plastiki na kifuniko cha kuzungusha: miaka mitatu stoo

Mimi ndiye mwenye funguo za stoo ya vinywaji kwenye mgahawa mmoja Mji Mkongwe. Mwaka 2021 niliweka kando katoni tatu za chupa 6 za mvinyo mweupe mkavu wa Afrika Kusini: moja ya vizibo vya gome la mwaloni, moja ya vizibo vya plastiki, na ya tatu ya vifuniko vya kuzungusha. Bei zilikaribiana, watengenezaji tofauti. Stoo ina kiyoyozi, ila umeme ukikatika ndiyo hivyo tena.

Plastiki iliniangusha mapema. Mwaka wa kwanza haikuwa na neno. Kufikia miezi 20, rangi ilishaelekea kwenye chai ya rangi, na harufu ikawa ya tofaa lililomenywa likasahauliwa mezani. Hewa hupenya kwenye plastiki yenyewe, tena hupita pembeni pale kizibo kisipobana shingo ya chupa. Salfa iliyowekwa kuulinda mvinyo hutumika yote, kisha mvinyo unachakaa. Siku hizi zipo plastiki zinazobana vizuri zaidi, lakini mimi kwa macho sizitambui.

Gome ni bahati nasibu. Chupa nne zilikuwa tamu kuliko zote, zina asali kidogo kwa mbali. Ya tano mgeni aliinusa akanirudishia glasi kimya kimya: boksi lililolowa mvua! Hiyo ni kemikali iitwayo TCA, inayotokana na ukungu kwenye gome. Nanogramu chache tu kwa lita zinatosha. Haimdhuru mtu, ila inaua harufu ya matunda, na ukiuacha mvinyo kwenye glasi haiondoki. Ya sita joto lilikuwa limekisukuma kizibo juu, na mvinyo umechuruzika.

Ya kuzungusha ilinishtua kwa kiberiti. Nilipofungua tu, pua ikachomwa. Nilitaka kuirudisha dukani, mpishi wetu akanizuia: “Kaka, imimine kwenye jagi kwanza.” Baada ya robo saa harufu ikaisha, ikabaki limau mbichi kama ya jana. Kifuniko chenye utando wa bati kwa ndani karibu hakipitishi hewa kabisa, hivyo harufu za salfa hunaswa humo.

Katoni tatu za watengenezaji tofauti si kipimo, najua. Ila Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia iliwahi kuufunga mvinyo mmoja mweupe wa Bonde la Clare, wa mwaka 1999, kwa vifungio 14 tofauti, ikaona mwelekeo huohuo: plastiki zikawa kahawia mapema, cha kuzungusha kikatunza ubichi kuliko vyote, na hata kile kiharufu cha salfa kilitajwa.

Sasa mweupe naagiza wa kuzungusha, nausimamisha wima. Mwekundu wa kukaa miaka kumi bado nachukua wa gome, naulaza ili kizibo kisikauke, na nanunua chupa moja ya ziada. Wa plastiki ukija, unauzwa ndani ya mwaka. Wageni wengine bado wananiuliza kizibuo kiko wapi, kana kwamba nimewaletea soda.